Cheti cha inchi mbili kilichotupwa

Niseme mapema: aliyestahili kuitwa kwenye jaribio la kuchomelea ni yule mwenye wasifu wa ukurasa mmoja. Karatasi za waombaji wote wawili mliziona toleo lililopita, majina yamefunikwa, pamoja na jedwali la alama la ofisi ya ajira. Barua nilizopokea tangu hapo zimegawanyika, na wengi wenu mnaitetea ofisi. Mimi siitetei. Ile ilikuwa kazi mbovu.

Kazi yenyewe ni ya Tanga, mabomba ya mvuke na mafuta mazito ndani ya yadi ya kiwanda. Mengi ni ya inchi mbili, machache ya inchi nne, chuma cha kaboni cha kawaida, na kanuni ni ASME. Tangazo liliandikwa vizuri na vipimo vikatajwa, na aliyepiga simu kwa waajiri wa zamani aliuliza maswali ya maana. Hapo sina neno.

Neno langu liko kwenye ile safu ya mwisho ya jedwali. Ofisi ilichukua maneno kumi na sita kutoka kwenye tangazo, ikahesabu yanajitokeza mangapi kwa kila mwombaji. Wa kurasa nne akapata kumi na nne: mabomba, mafuta na gesi, tigi, 6G, ASME, usalama, michoro, na kadhalika. Wa ukurasa mmoja akapata matano, kwa sababu alitumia lugha ya kwao kwenye kiwanda cha sukari, yaani boila, mirija, tigi, rodi, 6G. Kisha mtu akachukua kalamu nyekundu akaandika pembeni ya jina lake: “Amepimwa inchi 2 tu. Cheti cha 2016.” Akakata. Maneno hayo machache ndiyo yaliyonifanya niandike, kwa maana sababu zote mbili alizotoa za kumkataa ni sababu za kumchukua.

Tuanze na inchi mbili. Kila mwenye cheti cha uchomeleaji chini ya ASME Sehemu ya IX ana fomu ya matokeo, na wengi hutumia ile ya QW-484A. Fomu hiyo ina safu mbili. Moja inaonyesha alichochomea siku ya jaribio, ya pili inaonyesha anachoruhusiwa kuchomea baada ya kufaulu. Msomaji wa wasifu anayejua kazi huikimbilia safu ya pili. Huyu wa kalamu nyekundu aliishia ya kwanza.

Sasa tazama. Wa kurasa nne alipimwa kwa bomba la inchi sita, ambalo kipenyo chake cha nje ni milimita 168.3. Kanuni inasema aliyepimwa kwa bomba la kipenyo cha milimita 73 au zaidi anaruhusiwa kuanzia milimita 73 kwenda juu, basi. Bomba linaloitwa la inchi mbili lina kipenyo cha nje cha milimita 60.3. Liko nje ya ruhusa yake. Yaani sehemu kubwa ya kazi ya Tanga, kwa karatasi yake mwenyewe, haruhusiwi kuigusa. Wa ukurasa mmoja alipimwa kwa inchi mbili, na aliyepimwa kwa kipenyo kilicho kati ya milimita 25 na 73 anaruhusiwa kuanzia 25 kwenda juu bila ukomo. Inchi mbili zake, inchi nne zake, hata hizo inchi sita anazojivunia mwenzake ni zake. Unene wa chuma nao unamtosha, nimeupigia hesabu, hauna mgogoro.

Mtu wa ofisini akiona namba ndogo anafikiri ujuzi mdogo. Kwenye bomba mambo ni kinyume. Mzunguko wa bomba la inchi mbili haufiki sentimita 20, na limefungwa kwa mlalo wa digrii 45 bila kuzungushwa, ndiyo maana ya 6G. Ndani ya sentimita hizo chache fundi anaanza chini kichwa kikiwa kimeinuliwa, anapanda ubavuni, anamalizia juu, na pembe ya mkono inabadilika karibu kila anapovuta pumzi. Chuma chenyewe ni kidogo, kwa hiyo joto halina pa kukimbilia. Ukichelewa, ruti inatoboka. Ukiogopa kutoboka ukapunguza moto, ruti haishiki ndani. Kwenye inchi sita una nafasi ya kujirekebisha. Na hapa niwakumbushe wanaoandika “6G” kwa herufi nene juu kabisa ya wasifu: 6G ni mkao wa bomba, haisemi lolote kuhusu ukubwa wake.

Tuje kwenye 2016. Cheti cha mchomeleaji chini ya kanuni hii hakina tarehe ya kufa iliyochapwa. Kinakufa pale fundi anapokaa miezi sita au zaidi bila kutumia njia ile ya kuchomelea, na kila njia inahesabiwa peke yake, tigi mbali, rodi mbali. Akiendelea kuzitumia, na mwajiri akiweka kumbukumbu, cheti cha miaka kumi iliyopita ni kizima. Wa ukurasa mmoja aliambatisha kurasa za kumbukumbu: tarehe, njia, kazi, sahihi ya msimamizi. Nilizifuatilia moja baada ya nyingine. Hakuna pengo linalozidi miezi minne, si kwa tigi wala kwa rodi. Kiwanda cha sukari kinakarabatiwa sana msimu wa kusaga ukiisha, hiyo kila mtu anaijua, lakini zipo sahihi hata za katikati ya msimu, mirija ikipasuka.

Wa kurasa nne ana cheti cha 2023, kipya, kinang'aa. Kumbukumbu hakuna. Na wasifu wake wenyewe unasema kuanzia mwanzoni mwa 2024 amekuwa msimamizi wa usalama, kisha msaidizi wa mkaguzi. Kazi za heshima, sina shaka, ila hakuna mahali anaposema alishika tochi ya tigi. Kwa kanuni, cheti hicho kilikufa zamani. Usimamizi wa usalama ulimpa alama mbili kwenye jedwali la ofisi, kumbe ndio uliokuwa ushahidi dhidi yake.

Msomaji mmoja ameniandikia kwa ukali: “Si watapimwa tu wakifika? Cheti cha mwajiri wa zamani kinahusu nini?” Ni kweli kwamba chini ya Sehemu ya IX kila kampuni inawajibika kupima wachomeleaji wake, na cheti hakihami na fundi kama inavyohama leseni ya EWURA na fundi umeme. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi. Ikiwa kila atakayeitwa atapimwa, basi kazi pekee ya wasifu ni kutuambia nani ana uwezekano wa kufaulu, na safu ya pili pamoja na kurasa za kumbukumbu ndizo zinazosema hivyo. Jaribio linakula bomba, gesi, rodi, siku nzima ya mkaguzi, kisha kukata vipande na kuvikunja. Nafasi za jaribio zilikuwa chache. Moja ilitolewa kwa mtu ambaye karatasi yake ilishasema hapana.

Na ilisema kweli. Picha ya kipande chake mliiona. Sehemu ya chini ya bomba, ruti imenyonywa kwenda nje ikaacha mfereji ndani, na kipande cha kukunja ruti kilipopindwa kikafunguka ufa uliozidi milimita 3, kiwango ambacho kanuni hairuhusu kupita. Akapewa nafasi ya pili papo hapo. Wengi hamkujua kwamba jaribio la kurudia papo hapo linataka vipande viwili mfululizo kwa kila mkao ulioanguka, na vyote vifaulu. Cha kwanza kikafaulu kwa shida. Cha pili hakikufika kwenye kukunjwa, mkaguzi alikikataa kwa macho.

Nikiwa hapo hapo, kuna jambo ninalolipigia kelele kila mwaka na sitaacha. Jedwali lilimpa wa ukurasa mmoja alama moja ya mafunzo na mwenzake alama mbili. Kwa nini? Kwa sababu mmoja ana Trade Test Daraja la I na mwingine ana NVA Ngazi ya II. Jamani! Daraja la I la mtihani wa zamani ndilo la juu kabisa, la III ndilo la kuanzia. Ngazi za sasa za VETA zinakwenda kinyume, ya I ndiyo ya kuanzia na ya III ndiyo ya juu. Fundi wa Daraja la I amepita madaraja yote matatu, analingana na Ngazi ya III. Aliyejumlisha namba zile kama mabao alimpa mdogo alama za mkubwa. Kenya nako madaraja ya NITA yanashuka hivyohivyo, la I liko juu, kwa hiyo kosa hili linavuka Horohoro bila pasipoti.

Kisha kuna ugonjwa mpya. Tangu bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda lianze kujengwa kuelekea Chongoleani, kila wasifu unaoingia Tanga una maneno “bomba la mafuta”, hata wa aliyekuwa akipaka rangi uzio. Bomba lile ni la inchi 24. Hata kwa aliyelichomea kweli, kazi za mabomba marefu kwa kawaida hupimwa kwa API 1104, kanuni nyingine kabisa, na huko fundi mara nyingi huchomea kwa kushuka. Kiwandani tunapanda. Chini ya Sehemu ya IX, kubadili kutoka kupanda kwenda kushuka au kinyume chake ni kupimwa upya.

Wazee wa karakana za sukari hawakuwa na jedwali. Nilimkuta mmoja wao Kilombero, msimamizi wa boila, aliyekuwa akisoma karatasi za fundi kuanzia nyuma: fomu kwanza, kumbukumbu pili, sahihi ya nani tatu, na ukurasa wa mbele wenye picha na sifa akiufikia chai ikishapoa. Alikuwa na swali moja tu la mdomo, “Mara ya mwisho umechomea nini, lini, na nani alikikagua?” Aliyesita hakuambiwa aondoke, alipewa kipande cha mrija wa inchi mbili na rodi. Sijaona ofisi ya ajira ya sasa inayomfikia hata nusu, pamoja na viyoyozi vyao.

Tangazo limetoka upya wiki hii. Wa ukurasa mmoja hajapigiwa simu. Ile orodha ya maneno kumi na sita haijaguswa, ila wameongeza la kumi na saba: “uzoefu wa mabomba makubwa”.