Uwazi wa Usemi katika Filamu za Katuni
Wahakiki wa katuni huzungumzia picha na hadithi, ilhali usemi waweza kupotea. Midomo iliyochorwa kwa maumbo machache haimsaidii sana mtazamaji, hutegemea konsonanti. Katika neno “fisi”, /f/ ni dhaifu kuliko /s/, hivyo mvumo wa mvua huimeza kwanza, na mtoto aweza kudhani amesikia “sisi”. Kupaza usemi wote si tiba: irabu huwa makelele kabla /f/ haijajitokeza. Yafaa mvua isikike kwa nguvu kabla ya usemi, kisha ishushwe desibeli 10 hivi, hasa juu ya hezi 2000. Muziki vivyo hivyo. Kipimo ni msikilizaji ambaye hajausoma mswada, kwa spika ndogo. Mhariri husikia anachokumbuka.