Jedwali la Safu Mbili: Nefrotiki na Nefritiki Zikisomwa Pwani ya Lindi

Karibu kila mwanafunzi wa utabibu anayejiandaa na mtihani wa figo ana jedwali lilelile daftarini. Kushoto ni sindromu ya nefrotiki, kulia ni nefritiki, na chini yake mistari mitatu: mkojo, presha, uvimbe. Nefrotiki ina protini nyingi, presha ya kawaida na uvimbe mkubwa. Nefritiki ina damu, presha ya juu na uvimbe wa wastani. Maneno ni machache, yanakaa kichwani haraka, na kwa maswali mepesi yanatosha.

Tatizo la jedwali hili liko kwenye mpangilio wake. Linaanza na mkojo, kana kwamba mkojo ndio shahidi wa kuaminika kuliko wote. Kwa mtu anayetibu Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko au vijiji vya kuelekea Lindi, mpangilio huo unapotosha, kwa sababu damu kwenye mkojo huko ina mwenyewe wa siku zote: kichocho cha kibofu. Hoja yangu ni kwamba jedwali lisomwe kutoka kwenye presha na uvimbe kwanza, halafu mkojo uje kuthibitisha.

Tuanze na presha, mstari ambao wengi huuruka. Katika nefritiki, chujio za figo zimevimba kwa mwako wa kinga ya mwili. Mkojo unapungua, chumvi na maji vinabaki ndani ya mishipa, na mishipa iliyojaa kupita kiasi huipandisha presha. Katika nefrotiki chujio zinavuja albumini. Albumini ikipungua kwenye damu, maji hutoka kwenye mishipa na kuingia kwenye nyama, na figo nazo huzidi kushika chumvi. Mgonjwa anavimba, lakini mishipa yake mara nyingi haikujaa kupita kiasi, ndiyo maana mtoto wa nefrotiki kwa kawaida ana presha ya umri wake. Hapa jedwali lingepaswa kuongeza onyo: mtu mzima mwenye nefrotiki, hasa ya kisukari au ya makovu kwenye chujio, anaweza kuwa na presha ya juu. Kwa hiyo presha ya juu peke yake haiifuti nefrotiki.

Mstari wa uvimbe jedwali linauandika kwa ukubwa tu, mkubwa au wa wastani. Kinachosaidia zaidi ni mahali na mwendo. Magonjwa yote mawili yanaweza kuanza kwenye kope asubuhi, kwa sababu ngozi ya hapo ni laini. Nefritiki huja ghafla, ndani ya siku chache, na mara nyingi hubaki usoni na miguuni. Nefrotiki hujijenga polepole, mara nyingi kwa wiki, ikashuka miguuni, ikajaza tumbo na korodani, na kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Pwani hii ina matende pia, na mwanafunzi asiyatupe kwenye safu ya nefrotiki. Matende hushika zaidi mguu mmoja, hayaanzi kwenye kope, na yakikomaa ngozi inakuwa ngumu, haiachi shimo tena.

Sasa mkojo. Protini inayohesabiwa kuwa ya nefrotiki kwa mtu mzima ni zaidi ya gramu 3.5 kwa saa 24, pamoja na albumini ya damu chini ya gramu 30 kwa lita. Mkojo huo hutoa povu lisiloisha upesi. Nefritiki nayo huvujisha protini, ila kwa kawaida chini ya kiwango hicho. Kijiti cha kupima mkojo kinasoma ukolezi, hakisomi jumla ya siku, hivyo mkojo mwepesi wa mtu aliyekunywa maji mengi unaweza kuonyesha + tu wakati uvujaji ni mkubwa. Na kipande cha damu kwenye kijiti hugeuka rangi kwa hemoglobini yoyote, iwe imetoka kwenye chujio la figo au kwenye ukuta wa kibofu. Kijiti hakijui damu imetoka wapi.

Anayejua ni hadubini. Chembe nyekundu zilizopenya kwenye chujio lililovimba hupinda umbo, na nyingine hunaswa ndani ya mirija ya figo zikatoka zimebanwa pamoja kwa umbo la mrija. Hizo ndizo kasti za chembe nyekundu, na kibofu hakiwezi kuzitengeneza. Mkojo uangaliwe ukiwa mpya, maana kasti huvunjika mkojo ukikaa. Kichocho nacho kina alama yake: yai lenye mwiba kwenye ncha moja, linaloonekana kwa urahisi zaidi katika mkojo uliochukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana.

Tulijaribu jedwali kwa swali la mfano. Mtoto wa miaka 8 kutoka kijiji cha jirani na Kilwa Kivinje analetwa na mama yake. Kwa siku tatu anaamka na macho yamevimba, mkojo ni mchache na una rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Wiki tatu kabla alikuwa na vidonda vya usaha miguuni baada ya upele. Presha ni 138/92. Kijiti kinaonyesha damu +++ na protini ++. Maabara inajibu: mayai ya kichocho yameonekana.

Mwanafunzi anayeanza na mkojo atasimama hapo, ataandika kichocho na kutoa prazikwanteli. Kwa kweli kichocho kinaeleza damu, na hata kiasi cha protini. Hakielezi presha ya 138/92, ambayo kwa umri huu imevuka mpaka kwa mbali, wala kope zilizovimba kwa siku tatu. Damu ya kichocho mara nyingi hutokea mwishoni mwa kukojoa, nyekundu, ikiambatana na maumivu. Ya huyu ni ya kahawia tangu mwanzo. Vidonda vya wiki tatu vinaingia kwenye hesabu ya streptokoka, kwani mwako wa figo baada ya maambukizi ya ngozi huchukua takribani wiki 3 hadi 6 kujitokeza, na baada ya maambukizi ya koo ni wiki 1 hadi 3. Jibu ni nefritiki ya baada ya streptokoka, na kichocho kama ugonjwa wa pili. Presha ndiyo inayotibiwa kwanza, kwa kupunguza chumvi na maji na kutoa dawa ya kukojosha, kwa sababu ikiachwa mtoto anaweza kupata degedege.

Tubadilishe mistari michache tu. Mtoto yuleyule, presha 94/60, uvimbe umeongezeka kwa wiki tatu mpaka tumboni, mkojo una povu, protini ++++, damu hakuna. Sasa ni nefrotiki, na swali linalofuata ni albumini ya damu na kortikosteroidi. Tukirudisha damu na presha ya juu juu ya protini hiyo, safu mbili zinakutana kwa mgonjwa mmoja, kama inavyotokea katika lupusi. Jedwali halina nafasi ya mgonjwa huyo, na watahini hupenda kumleta.

Kwa hiyo ningelipanga upya: presha kwanza, kisha mahali na kasi ya uvimbe, kisha protini kwa kiasi, na damu mwisho, yenye sharti kwamba chanzo chake kithibitishwe kwa hadubini. Maneno yanabaki yaleyale. Kinachobadilika ni kwamba damu ya mkojo, ambayo Kilwa ni habari ya kawaida, haipewi tena nafasi ya kuamua kabla ya presha kupimwa.