Anzia mlangoni, urudi nyuma

Katika Rush Hour, chemsha bongo aliyoibuni Mjapani Nob Yoshigahara, maegesho ni kibao cha miraba 6 kwa 6. Gari huchukua miraba miwili, lori mitatu. Kila chombo huenda mbele na nyuma tu, hakikati kona. Kazi ni kulitoa gari jekundu kwenye mlango ulio kulia, mstari wa tatu.

Tazama msongamano huu. N ni gari jekundu, L ni lori, herufi nyingine ni magari mengine, na nukta ni miraba mitupu.

```
...L..
...L..
NN.L..
....BB
.....W
JJKK.W
```

Wengi huanza na lori, maana ndilo linaloonekana kuziba njia. Wanalishusha miraba miwili, linagota kwenye K, na bado mkia wake umeziba mstari wa tatu. Hapo wamejifungia wenyewe.

Sasa anzia mlangoni. N inataka lori liondoke. Juu ya mstari wa tatu kuna mistari miwili tu, na lori lina urefu wa mitatu, kwa hiyo haliwezi kupishia juu. Lazima lishuke hadi chini kabisa, na miraba yote mitatu iliyo chini yake iwe wazi. Anayeukalia mmoja ni K. Kushoto K imebanwa na J, ambayo imeegemea ukuta. Kwa hiyo K iende kulia miraba miwili. Huko iko W, nayo haina pa kwenda ila juu. Juu yake imekaa B. B ndiyo mwisho wa mnyororo, kwa kuwa kushoto kwake ni peupe.

Ukishafika hapo, geuza mpangilio: B, W, K, lori, N. Hatua tano. Lakini kila hatua ina kipimo chake, na kipimo hicho nacho kinatoka mlangoni. B isogee kushoto miraba mitatu. Ikiishia mmoja au miwili, itakuwa imekaa palepale lori linapotaka kushukia. W ipande mmoja tu, kwani ikipanda miwili itaziba mlango wenyewe. Na B ipite kabla lori halijashuka. Ndiyo maana waliokimbilia lori walikwama: waliifungia B njia.

Mnyororo hauwi mnyoofu hivi kila mara. Katika vibao vigumu utafuata nani anamzuia nani, kisha utajikuta umerudi kwenye gari ulilokwisha kulitaja: gari moja linalisubiri jingine, nalo linalisubiri lile la kwanza. Hiyo ni dalili kwamba gari mojawapo lazima lisogezwe kwa muda, lipishe, kisha lirudi, na mara nyingine ni lile jekundu lenyewe linalotakiwa kurudi nyuma. Ukiona mzunguko huo, acha kusukuma. Tafuta kwanza mraba mtupu wa kumpishia mmoja wao.