Siku Tatu Hazishoni Gauni la Harusi

Tangazo lile la fundi cherehani, ambalo wengi wenu mmelisoma chini ya picha ya gauni la rangi ya dhahabu tangu mwezi wa Shaabani, na mkatumiana simu kwa simu hata likawa mazungumzo ya barazani, lina sentensi moja iliyoliharibu lote: "Oda zinapokelewa hadi siku 3 kabla ya shughuli yako." Mengine yamo sawa: mtaa umetajwa, bei ya kuanzia imeandikwa pasipo kumwambia mteja aulize inboksi, na picha ni za kazi ya mikono yake mwenyewe. Lakini fundi anayetangaza nguo za kupimwa kwa msimu wa harusi wa Mfunguo Mosi, kisha akaacha mlango wazi mpaka siku ya tatu kabla ya shughuli, ameahidi jambo ambalo cherehani yake haiwezi kulitimiza, na kosa hilo limeanzia katika kalamu kabla halijafika katika mkasi.

Natuitazame kazi yenyewe. Gauni la bi harusi lenye lesi juu na bitana ndani hukatwa mara mbili, kwa kuwa bitana ni gauni la pili lililofichwa ndani ya la kwanza; na baada ya kukatwa halishonwi moja kwa moja, bali hupigwa bandi, yaani hushikizwa kwa nyuzi ndefu za mkono, ili mwenyewe aje ajaribishwe na fundi aone bega limekaa wapi na kiuno kimeangukia wapi. Hapo ndipo nguo ya kupimwa inapopata haki ya kuitwa hivyo, maana futi kamba humpa fundi upana wa kifua na kiuno, ila haimwambii kwamba bega moja limeshuka kuliko jingine, wala kwamba mwenye nguo husimama akiinama kidogo mbele. Baada ya bandi huja mshono, kisha kujaribishwa mara ya pili, tena akiwa amevaa viatu vile vile atakavyovaa siku ya harusi, kwa sababu pindo lililopimwa miguu mitupu litapaa juu ya kifundo likishavaliwa kiatu kirefu. Mwisho huja ndoana, kumalizia na pasi. Siku tatu zaweza kuitosha mikono, lakini hazitoshi zile safari mbili za mteja, ambazo kila moja yataka kufuatiwa na siku za kurekebisha.

Sasa tuhesabu kwa kurudi nyuma, kama fundi huyu alivyopaswa kuhesabu kabla ya kuandika. Tuchukue harusi ya Jumamosi, mwezi 10 Mfunguo Mosi. Nguo yafaa kuchukuliwa Alhamisi mwezi 8, ili pakizuka dosari ndogo pabaki siku moja ya kuitengeneza. Kujaribishwa mara ya pili kuwe Jumanne mwezi 6. Nyuma ya hapo zimekaa siku za Idi, ambazo mafundi wengi hufunga duka. Na nyuma ya Idi kuna kumi la mwisho la Ramadhani, wakati ambapo kila cherehani mjini imezama katika kanzu na nguo za watoto za sikukuu. Kwa hiyo kujaribishwa kwa bandi hakuna budi kuangukie kumi la kati, na kupimwa kuwe kumekwisha kabla kumi la kwanza halijatoka. Tena Ramadhani ikitimiza siku thelathini, Idi husogea mbele siku moja ilhali Jumamosi ya harusi imekwisha kuandikwa kwenye kadi, basi siku hiyo huliwa na kazi iliyokuwa ifanyike baada ya sikukuu. Isitoshe, aliyepimwa akiwa amefunga aghalabu hubadilika kiuno, na ndiyo sababu kujaribishwa kwa mwisho hakufai kufanywa kabla ya Idi. Haya yote fundi wetu anayajua kwa mikono yake, na ndiyo maana nasema alichokosea ni uamuzi, si elimu.

Na matokeo ya haraka hiyo huonekana wazi ukumbini. Mikunjo ya mlalo ikikaza juu ya nyonga, nguo imebana. Ikishuka mshazari kutoka shingoni kwenda kwapani, bega limekosewa. Kosa la kwanza hutibika tu iwapo fundi aliacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono, inchi moja hivi kila upande. Lakini fundi aliyepokea sare za shangazi na makungwi siku tatu kabla ya shughuli hukata karibu na mstari na kuacha nusu inchi, na mshono uliokwisha kupitishwa ovaloki hivyo hauna pa kufunguliwa. Kosa la pili ni zito zaidi, maana bega halitengenezwi pasipo kung'oa mkono wote wa nguo.

Atanijibu mtu kwamba fundi naye ana watoto wa kulisha, na kwamba akifunga oda mapema mteja atakwenda duka la pili. Jibu langu ni kwamba si kila kazi yataka muda mmoja. Kanzu ya kawaida isiyo na darizi, au gauni la zamani linalofunguliwa kiuno, hizo siku tatu zaitosha na kuzidi, ila kanzu ya tarabuzi, yenye hariri shingoni iliyotiwa kwa mkono, haziitoshi. Tangazo lingezigawa kazi hizo, lingemhifadhi mteja wa kuchelewa bila ya kumdhulumu aliyewahi. Kwani mwenye kudhulumiwa hasa ni yule aliyelipa arbuni mapema, kisha gauni lake likasogezwa kando kwa ajili ya mgeni wa siku ya mwisho.

Nimepata kuyalalamikia matangazo haya na sitachoka, maana wino wake humwagwa katika "wahi sasa" na "nafasi ni chache", maneno yasiyomwambia mtu awahi lini wala nafasi ni ngapi. Mafundi wa zamani waliokaa barazani na daftari lao, kila ukurasa una jina, vipimo na kipande cha kitambaa kilichobanwa kwa pini, hawakuwa na picha za kuonyesha, lakini daftari likijaa walisema limejaa. Na katika ufupi wa maneno hatuna mwalimu kupita kanga: tazama kanga za Mombasa zenye chapa ya K.H.E. Mali ya Abdulla, namna jina linavyosema mstari mmoja tu, nao umekamilika.

Tangazo hili lingeweza kuandikwa hivi: "Harusi za Mfunguo Mosi: mwisho wa kupimwa gauni na sare ni mwezi 10 Ramadhani. Utajaribishwa mara mbili, kabla na baada ya Idi; uje na viatu vyako. Kanzu za kawaida na marekebisho tunapokea hadi siku 3 kabla ya shughuli." Tarehe itangulie, kwa sababu simu huonyesha mistari michache ya mwanzo na kuyaficha mengine, na mama wa bi harusi anayepitisha kidole haraka asipoiona tarehe hapo juu hataitafuta chini. Fundi bado ana nafasi ya kulibadilisha tangazo lake kabla kumi la kwanza halijaisha, na ninamshauri kwa dhati alibadilishe leo.