Mdomo wa mbwa si mdomo wa mamba

Mlioangalia lile onyesho la mbwa wa ulinzi Jumapili mnajua ninakoelekea. Nimeirudia ile sehemu mara kadhaa na msimamo wangu haujasogea: yule dume mweusi alianguka kwa sababu ya uamuzi wa binadamu, na uamuzi wenyewe ulifanyika nje ya uwanja, kabla hajakimbia hata hatua moja. Saa nane mchana, kwenye uwanja wa pwani usio na mti, mkufunzi alimvalisha kifunga mdomo cha kitambaa, kile kinachobana taya zote mbili, akamwingiza kazini.

Mengine yalikwenda vizuri. Utii ulikuwa safi, mbwa walishika na kuachia kwa amri moja, na wale vijana waliomleta mamba walifanya kazi ya kupigiwa mfano. Nitawarudia baadaye.

Sasa tuutazame ule muda wenyewe. Dume anaingia akiwa ameshasubiri juani. Anapewa mizunguko ya kumfukuza "mwizi" aliyevaa shati la magunia, na kwa kuwa amefungwa mdomo hang'ati, anapiga kwa kifua. Kwenye mzunguko wa tatu kamera inamsogelea usoni. Ubavu unakwenda mbio, lakini midomo imebanwa na ncha ya ulimi inachungulia mbele ya kitambaa, haina pa kutokea. Mate yameacha kuwa maji, yananing'inia mazito kama uji. Pale pale angetolewa. Mtangazaji anasema mbwa "ana hasira". Mzunguko unaofuata miguu ya nyuma inapishana, anakaa bila kuamriwa, kisha analala ubavu. Mbwa wa kazi anayekaa bila kuamriwa katikati ya shambulio ameishiwa, wala hana hasira yoyote.

Baada ya hapo mkufunzi alihojiwa akatoa utetezi ambao nimeusikia miaka yote: "Mzee, pua ilikuwa wazi. Alikuwa anapumua vizuri." Sibishani naye. Pua ilikuwa wazi na hewa ilikuwa inaingia. Tatizo ni njia iliyokuwa inatokea.

Mbwa hana jasho la maana. Ana tezi chache kwenye nyayo, basi. Joto lake analitoa kwa kukausha maji kwenye pua, mdomo na ulimi, na kazi hiyo ina ufundi wake. Mwaka 1970 Knut Schmidt-Nielsen, Bretz na C. Richard Taylor walipima mkondo wa hewa kwa mbwa wanaotweta, wakakuta kwamba hewa nyingi inaingia kwa pua na kutokea mdomoni. Fuateni sababu yake. Hewa ikiingia puani inapita kwenye kuta zenye unyevu, inabeba mvuke na kuzipoza kuta hizo. Ikirudi kwa njia ile ile, inakutana na kuta zilizopoa, mvuke unageuka maji tena na joto linarudishwa mwilini. Njia hiyo humfaa mbwa aliyelala usiku, kwa sababu inamhifadhia maji. Akitaka kutupa joto, hewa haina budi kutokea mdomoni, ipite juu ya ulimi mpana uliojaa damu na isirudi nyuma. Kitambaa kile kiliuziba mlango wa kutokea. Dume alikuwa akivuta hewa kwa bidii yote na kulirudisha joto lake mwenyewe kila pumzi.

Tufanye hesabu, maana wapo wanaodhani robo saa si kitu. Chukua mbwa wa kilo 30. Akilala anazalisha joto la wati 40 na ushei. Akikimbia kwa mwendo ule, joto linafika wati mia kadhaa, tuseme 400. Tumpe ukarimu, tuseme 100 zinatoka kwa ngozi na kwa upepo wa kukimbia, ingawa jua lilikuwa linamwongezea kwenye manyoya meusi. Zinabaki 300. Mwili wa uzito huo unahitaji takriban kilojuli 105 kupanda nyuzi moja, kwa hiyo kila dakika sita anapanda nyuzi moja. Mbwa mzima ana nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Akianza na 39, baada ya dakika 18 yuko 42, na kuanzia 41 kwenda juu tunazungumzia utumbo, figo na ubongo kuharibika.

Mdomo ungekuwa wazi angehitaji nini? Gramu moja ya maji ikikauka inaondoka na kilojuli 2.4 hivi. Kuzimaliza wati zile 300 ni gramu saba na nusu kwa dakika, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu. Kazi hiyo mbwa anaimudu kwa kutweta mara 300 na zaidi kwa dakika, akiwa na maji ya kunywa na hewa kavu. Pwani hewa haiko kavu. Unyevu ukizidi, maji yanakauka polepole hata mdomo ukiwa wazi wote, kwa hiyo mbwa wa Tanga anaanza akiwa nyuma ya mbwa wa Dodoma hata kipimajoto kikionyesha namba ile ile. Kumwongezea kitambaa juu ya hapo ni kutafuta maafa.

Na sasa mamba. Naye alikuwa amefungwa mdomo, tena kwa kamba, na nina hakika kuna waliojiuliza kwa nini huyu alistahimili. Wale vijana walimfunika macho kwa gunia lililoloweshwa, wakamlaza kivulini na kummwagia maji kila mara. Hayo ndiyo anayoyahitaji. Mamba aliyetulia mwenye uzito wa yule mbwa anazalisha joto lisilozidi sehemu ya kumi ya la mbwa. Hana moto wa ndani wa kuuzima. Joto lake analichukua juani na kulirudisha majini, kwa kutambaa. Kuachama kwake ukingoni kunampunguzia joto la kichwa kidogo, lakini si tegemeo lake. Ukitaka kumuua mamba kwa joto humfungi mdomo, unamfungia juani asipate pa kwenda, kwa kuwa miguu ndiyo inayomdhibitia joto. Mbwa ni kinyume chake: hata umweke kivulini, moto uko ndani na unaendelea kuwaka, na mlango wake ni mdomo. Waandaaji waliona wanyama wawili wenye meno wakawapa dawa moja.

Nisameheni nirudie wimbo wangu wa zamani. Bado tunawafundisha watoto kwamba mamba na mjusi wana damu baridi, tukaishia hapo. Yule mjusi mwenye kichwa chekundu anayeota jua kwenye mawe ya Mwanza, saa sita mchana damu yake inakaribia joto la damu yangu na yako. Tofauti iko kwenye nani analipia. Mjusi anakopa kwa jua na kula kidogo. Mbwa anachoma chakula chake usiku na mchana, na gharama ya pili ya maisha hayo ni kwamba lazima awe na njia ya kulitupa joto analozalisha.

Mtangazaji naye, baada ya mbwa kubebwa, alisema labda ni kwa sababu masikio yake yalikatwa, "maana tembo anajipoza kwa masikio". Kukata masikio ya mbwa ni ukatili wa kizamani na nimeupinga kwenye safu hii kila nilipopata nafasi, lakini safari hii hauhusiki. Sikio la tembo ni bapa, jembamba, limejaa mishipa upande wa nyuma, na akilipepea damu inarudi mwilini ikiwa imepoa. Linafanya kazi kwa sharti moja: hewa iwe baridi kuliko ngozi. Hewa ikikaribia nyuzi 36 au 37, sikio halina la kutoa, na ndiyo maana utamwona tembo wa Ruaha mchana wa Oktoba anajimwagia maji na matope kwenye masikio hayo hayo. Akishayalowesha, anapepea maji yakauke. Kwa hiyo hata tembo, bingwa wa masikio, jua likikaza anarudi kwenye njia ya mbwa, ya maji yanayokauka. Masikio mazima yasingemwokoa dume wetu.

Wanaotaka kuona kazi hii ikifanywa na bingwa wamtazame mbwa mwitu. Mwaka 1971 Taylor na wenzake walichapisha vipimo vya mbwa mwitu akikimbia sambamba na mbwa wa nyumbani. Wa nyumbani alijizuia kwenye nyuzi 39.2, mbwa mwitu aliacha mwili upande hadi 41.2 akaendelea kukimbia, huku akitumia maji machache. Hata hivyo, mwindaji huyo mwenye uwezo wa namna hiyo anafukuza alfajiri na jioni, na mchana analala chini ya kichaka. Wazee waliokuwa wakifunza mbwa zamani hawakusoma vipimo hivyo, lakini jua likipanda walikuwa wamekwisha kuwarudisha bandani. Siku hizi ratiba inapangwa na mgeni rasmi atakapomaliza chakula.

Kosa la mwisho lilikuwa taulo. Baada ya kumvua kitambaa, na hilo angalau walilifanya upesi, walimfunika kwa taulo bichi na kumpakia garini. Taulo lililotulia juu ya manyoya linapata joto la mwili dakika chache tu, kisha linazuia hewa kupita. Anayejua kazi humwagia maji mengi mwilini akiepuka pua na mdomo, anampepea, anaendelea hadi joto lishuke karibu na 39.5, ndipo safari ya kwa daktari inaanza. Kumpoza kunatangulia gari. Na ile hofu kwamba maji baridi yanaua mbwa mwenye joto imeshaua mbwa wengi kuliko maji yenyewe.

Nasikia kuna onyesho jingine Desemba, uwanja ule ule. Lianze saa moja asubuhi. Anayetaka kifunga mdomo alete kile cha kikapu, na akipime hivi: mbwa akikivaa aweze kuachama kabisa, kutoa ulimi wote na kunywa maji kwenye bakuli. Asipoweza, hakimfai kazini. Na awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha mzunguko, ambaye kazi yake ni kutazama ulimi na miguu ya nyuma, asiwe mkufunzi na asiwe mwenye mbwa.