Mkupuo au mafungu: dola 12,000 zilizoingia kwa siku moja

Mtu anayepata fedha nyingi kwa ghafla, iwe urithi, kiinua mgongo au malipo ya kiwanja kilichouzwa, hukutana na swali ambalo anayewekeza kutoka kwenye mshahara halijui. Wa mshahara ananunua vipande vya mfuko kila mwezi kwa sababu hela yenyewe inamfikia kila mwezi. Hana kikubwa cha kuchagua. Huyu wa pili fedha zote anazo mkononi leo. Akiamua kuziingiza kidogo kidogo, maana yake ameamua pia kwamba sehemu kubwa ikae nje ya soko kwa miezi kadhaa. Uamuzi huo una gharama, na watu wengi hawaihesabu.

Tuipime kwa soko la Marekani, kwa sababu bei zake za kila mwisho wa mwezi ziko wazi kwa miongo mingi. Chukua mtu wa mfano mwenye dola 12,000 siku ya mwisho ya Desemba 2007. Anataka mfuko unaofuata fahirisi ya S&P 500, ambayo siku hiyo ilifunga kwenye 1,468. Njia ya kwanza ni kuingiza zote siku hiyo hiyo. Njia ya pili ni kuingiza dola 1,000 kila mwisho wa mwezi, kuanzia siku hiyo hadi Novemba 2008. Ili hesabu iwe nyepesi, tuache kando gawio, ada na riba ya fedha zinazosubiri.

Mwaka 2008 ulikuwa mbaya. Fahirisi ilifunga Septemba kwenye 1,166, Oktoba kwenye 969, na mwaka ukaisha kwenye 903. Aliyeingiza kwa mkupuo alibaki na takriban dola 7,380. Aliyeingiza kwa mafungu alikuwa na takriban 8,770, maana mafungu yake ya mwisho yalinunua vipande vingi zaidi kwa bei iliyoshuka. Tofauti ni karibu dola 1,390, na ndiyo mifano ya namna hii inayosimuliwa sana na wauzaji wa mifuko.

Sasa rudia hesabu ile ile kuanzia mwisho wa Desemba 2012, fahirisi ikiwa 1,426. Mwaka 2013 bei zilipanda karibu kila mwezi hadi zikafunga kwenye 1,848. Mkupuo ulifikia takriban dola 15,550, mafungu yakaishia 13,770. Safari hii aliyesubiri amekosa karibu dola 1,780. Haoni hasara yoyote kwenye taarifa yake, kwa kuwa anaona faida tu, na kwa hiyo hakuna anayemwambia kwamba kusubiri kumemgharimu.

Kati ya miaka hii miwili, ni upi unaotokea mara nyingi zaidi? Mwaka 2012 kampuni ya Vanguard ilichapisha utafiti uliolinganisha njia hizi mbili katika masoko ya Marekani, Uingereza na Australia. Mkupuo ulishinda mafungu ya miezi 12 katika takriban theluthi mbili ya vipindi vilivyopimwa. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: hisa kwa muda mrefu zimepanda zaidi ya fedha zilizokaa benki, hivyo kila mwezi wa kusubiri ni mwezi wa kupata kile kidogo badala ya kile kikubwa. Mafungu hayana nguvu ya ziada ndani yake. Yanashinda pale tu bei zinaposhuka baada ya wewe kuanza.

Hapo ndipo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anapaswa kuongeza hesabu yake mwenyewe, kwa sababu hapa fedha inayosubiri hailali bure. Katikati ya mwaka 2024 dhamana za Serikali ya Kenya za siku 91 zilitoa karibu asilimia 16 kwa mwaka. Riba ikiwa juu hivyo, gharama ya kusubiri kuingia kwenye hisa hupungua sana, na kwa miezi fulani huweza kutoweka kabisa. Kinyume chake, aliyeamua kuweka fedha kwenye mfuko ambao bei ya kipande chake hupanda polepole karibu kila siku, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, hana sababu ya kugawa mafungu hata kidogo. Hakuna bonde la bei la kusubiri. Kila fungu linalochelewa linanunua ghali zaidi ya lililotangulia.

Kuna dai jingine ambalo nalipinga waziwazi, kwamba mafungu hupunguza hatari. Yanaichelewesha tu. Mtu wetu wa 2013, mwezi wa 13 ulipofika, fedha zake zote zilikuwa kwenye hisa sawasawa na za aliyeingia kwa mkupuo; soko lingeanguka siku hiyo wangeumia pamoja. Kama asilimia 100 ya hisa inakutisha leo, itakutisha vilevile baada ya mwaka mmoja. Dawa ya hofu hiyo ni kubadilisha mchanganyiko wenyewe: labda nusu hisa na nusu hatifungani, kisha mchanganyiko huo uingie mara moja na ukae hivyo.

Hata hivyo siyatupi mafungu. Yana kazi moja ya kweli, nayo ni kumlinda mtu na majuto yatakayomfanya auze. Aliyezoea kuwa na akiba ya milioni 2, akapokea milioni 80, hajawahi kuona milioni 25 zikipungua ndani ya miezi michache. Akiuza chini na kutorudi tena, hasara yake inazidi kwa mbali ile ya kusubiri mwaka mzima.

Lakini mafungu nayo huharibika, na mwaka 2008 unaonyesha namna. Tuseme mtu wetu aliogopa baada ya Septemba akaacha mafungu mawili ya mwisho benki. Mwisho wa Desemba alionekana mwerevu: alikuwa na takriban dola 8,830, zaidi kidogo ya yule aliyekamilisha mpango. Mwaka mmoja baadaye fahirisi ilikuwa 1,115. Aliyekamilisha alikuwa na takriban 10,820, aliyesimama 10,430. Mafungu aliyoyaruka ndiyo yaliyokuwa ya bei rahisi kuliko yote, na sehemu ya faida ya njia hii imo humo. Kwa hiyo mpango unaotegemea moyo wa siku ile si mpango. Tarehe na kiasi viandikwe kabla ya fungu la kwanza, na benki ipewe maagizo ya kuhamisha yenyewe.

Uamuzi wangu ni huu. Kwanza lipa madeni ya riba kubwa, na fedha utakayoihitaji ndani ya miaka mitano, iwe ya ada au ya kumalizia nyumba, isiguse hisa kwa njia yoyote ile. Kwa inayobaki jiulize: kama ningeamka leo nikaikuta tayari yote iko kwenye mchanganyiko huu, ningeiuza ili niirudishe kidogo kidogo? Anayejibu hapana, na aingize kwa mkupuo. Anayejibu ndiyo, na apunguze kwanza sehemu ya hisa. Akibaki na hofu ndipo agawe mafungu, kwa miezi 6 na isizidi 12, huku fungu linalosubiri likikaa mahali panapolipa riba.