Feleji Ngumu Ikubaliyo Kukunjwa

Watengenezaji wa magari walipotaka, katika miaka ya 1970, kupunguza uzito wa bodi pasipo kupunguza usalama wa abiria, walikabiliwa na kanuni ya kale ya wahunzi, kwamba chuma kadiri kizidivyo ugumu ndivyo kizidivyo kukataa kukunjwa. Njia ya kuikwepa kanuni hiyo ilipatikana kwa kuiongoza kaboni ndani ya tanuri.

Tuchukue bamba lenye kaboni asilimia 0.1 na manganizi asilimia 1.5. Likipashwa moto hadi nyuzi 780 hivi za sentigredi, halibadiliki lote: sehemu hubaki feriti, chuma laini, na sehemu nyingine, tuseme robo, hugeuka osteniti, ambayo umbile lake hupokea kaboni kwa wingi, na kwa kuwa feriti haibebi kaboni ila haba mno, takriban yote hukimbilia katika robo ile, ikafikia humo asilimia 0.35 hivi. Bamba likipozwa ghafla, robo hiyo huwa martensiti, ngumu sana, iliyotapakaa kama visiwa ndani ya feriti. Martensiti inapozaliwa hutanuka, ikaisukuma feriti ya jirani na kuiachia kasoro nyingi za mpangilio wa atomi zilizo tayari kuteleza. Ndiyo sababu bamba huanza kukunjika kwa nguvu ndogo, kisha hukazana upesi, hata pale linapoanza kukonda hupata ugumu kuliko kando yake, na mvuto ukahamia kando. Hiyo ndiyo feleji ya awamu mbili.

Feleji ya pili, iitwayo TRIP, hutumia ajabu ambayo Victor Zackay na wenzake waliieleza huko Kalifonia mwaka 1967. Katika namna yake ya magari, kaboni huwa asilimia 0.2 na silikoni hukaribia 1.5, nayo feleji haipozwi moja kwa moja, bali husitishwa kwa dakika kadhaa kwenye nyuzi 400 hivi. Hapo sehemu ya osteniti hugeuka beiniti, na silikoni huizuia kaboni isifanye kabidi, hivyo hurundikana katika osteniti iliyosalia mpaka ipite asilimia 1, nayo ikaweza kudumu hata baada ya kupoa. Kalibu inapolivuta bamba, osteniti hiyo hugeuka martensiti mahali palepale penye mvuto. Kaboni ikipungua, mageuzi huja mapema na kuisha. Ikizidi, hayaji wakati yanapohitajiwa.

Lakini silikoni hiyohiyo hufanya oksidi usoni mwa bamba, na zinki iliyoyeyushwa ikakataa kushika, hata yakaonekana madoa matupu. Kwa hiyo viwanda hubadili sehemu ya silikoni kwa alumini. Nayo feleji ya awamu mbili hupasuka kwenye kingo zilizokatwa kwa mkasi, kwa kuwa feriti na martensiti hutofautiana mno ugumu. Udhaifu huo hauonekani katika jaribio la kuvuta. Hubainishwa kwa kutoboa tundu na kulipanua kwa koni mpaka ukingo upasuke.